Manukuu ya kuchomelea au manukuu ya kuwasha? Maswali ya watengenezaji wa video Mtwara na Lindi

Maswali haya nimeyakusanya kutoka kwa watu wanaoniletea video zao hapa Mtwara mjini, na wengine wanaonipigia simu kutoka Lindi, Masasi na Nachingwea. Wengi wanatengeneza video za vikundi vya wakulima, za vikao vya kijiji, za harusi na za ngoma. Katika majibu nitairudia sana video moja niliyoitengeneza mwenyewe: bibi mmoja wa Newala anaeleza kwa Kimakonde jinsi ya kuanika korosho kabla ya kuzipeleka ghalani. Ina dakika 3 na nusu, na manukuu yake ni ya Kiswahili. Ilipoingia mikononi mwa watu manukuu yaliharibika, ikabidi niitengeneze upya, na karibu kila nilichoandika hapa nilikijua kwa sababu hiyo.

Manukuu ya kuchomelea ni yapi, na ya kuwasha ni yapi?

Ya kuchomelea ni maandishi yaliyogeuzwa kuwa sehemu ya picha yenyewe, kama chuma kilichochomelewa kwenye geti. Video ikishatoka, ile herufi nyeupe pale chini ni pikseli kama pikseli za uso wa bibi. Huwezi kuizima, kuikuza, wala kuinakili. Ukiandika maneno kwenye CapCut kisha ukatoa video, ndicho ulichofanya, hata kama hukukusudia.

Ya kuwasha hayamo ndani ya picha. Yanakaa pembeni kama maandishi matupu yenye saa: kuanzia sekunde hii hadi ile, onyesha maneno haya. Yanaweza kuwa faili la peke yake, mara nyingi lenye jina linaloishia na `.srt`, au yakafungwa ndani ya faili la video kama njia ya tatu kando ya picha na sauti. Simu, kompyuta au TV ndiyo inayoyachora juu ya picha wakati wa kutazama, endapo mtazamaji ameyawasha. Kitufe cha CC unachokiona YouTube ndicho kinachoyawasha.

Kipande kimoja cha faili la bibi kinaonekana hivi:

```
14
00:01:12,400 --> 00:01:15,900
Usichanganye korosho kavu na zilizo mbichi
```

Namba ya kipande, muda wa kuanza na kuisha, maneno, kisha mstari mtupu kabla ya kipande kinachofuata. Faili zima la dakika 3 na nusu halifiki hata uzito wa picha moja ya simu.

Video yangu ina manukuu mazuri YouTube. Mtu kaishusha akaituma kwenye grupu la WhatsApp, manukuu hayapo. Yameenda wapi?

Hayakwenda popote, yamebaki YouTube. Yalikuwa faili la pembeni, na aliyeshusha alichukua picha na sauti tu. Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko mengine yote, na wengi wanadhani wamekosea kupandisha. Hawakukosea. Manukuu ya kuwasha yanafanya kazi pale tu ambapo faili lake lipo na programu inayochezesha video inajua kulisoma.

Ukiyafunga ndani ya faili la video pia hupati ulinzi kwa WhatsApp. Ukituma kama video ya kawaida, WhatsApp inaibana upya, inachukua picha na sauti inatengeneza faili jipya dogo, na ile njia ya tatu inaachwa. Ukiituma kama dokumenti, faili linafika kama lilivyo, lakini anayelipokea atayaona manukuu kama tu programu ya video kwenye simu yake inayasoma. VLC inayasoma. Sasa fikiria grupu la wakulima 200 wa Tandahimba: wangapi watafungua dokumenti kwa VLC na kuwasha manukuu? Kwa WhatsApp chomelea, na usipoteze siku kutafuta njia nyingine.

Je, anayerekodi skrini yake wakati video inacheza?

Anachukua kila kinachoonekana. Manukuu ya kuwasha yakiwa yamewashwa, kwenye rekodi yake yanakuwa yamechomelewa, kwa ukubwa na mahali palipochaguliwa na simu yake. Yakiwa yamezimwa, hayatakuwemo. Ndiyo maana wakati mwingine unaikuta video yako mtaani ina manukuu ambayo hukuyachomelea wewe.

Mtu akikata kingo za video ili iwe mraba au wima, manukuu gani yanasalia?

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo video ya bibi ilipoumia.

Manukuu ya kuwasha hayajali ukataji wa kingo. Yanachorwa baada ya picha kukatwa, ndani ya nafasi iliyobaki, na programu inavunja mistari upya ili ienee. Ya kuchomelea yanakatwa pamoja na picha.

Video ya bibi nilikuwa nimeitoa kwa umbo la TV, pikseli 1920 kwa upana na 1080 kwa kimo. Manukuu niliyachomelea chini, mstari mmoja mrefu katikati, herufi zenye kimo cha pikseli kama 60. Kwa ukubwa huo herufi moja inakula wastani wa pikseli 30 za upana. Bibi anasema maneno haya huku akiinua konzi mbili za korosho, moja mkono huu na nyingine mkono huu, na mimi niliandika:

Usichanganye korosho kavu na zilizo mbichi

Ukihesabu pamoja na nafasi ni herufi 42. Mara 30, ni pikseli 1260. Ukiuweka mstari huo katikati ya upana wa 1920, unaanzia pikseli ya 330 na kuishia ya 1590.

Ukurasa mmoja uliichukua video ile ukaikata iwe mraba wa 1080 kwa 1080. Kuupata mraba huo unaondoa pikseli 420 kushoto na 420 kulia. Mstari wangu ulianzia 330, kwa hiyo pikseli 90 zikakatwa kila upande, yaani herufi 3. Kilichobaki kwenye skrini ni hiki:

changanye korosho kavu na zilizo mbi

Tazama herufi tatu zilizoondoka kushoto: U, s, i. Lugha yetu inabeba katazo mwanzoni kabisa mwa neno, na mwanzo wa neno la kwanza wa mstari mrefu ndio unaokufa kwanza kisu kikipita. Anayesoma haraka anaona anaambiwa achanganye. Wanaokijua Kimakonde walimsikia bibi mwenyewe, lakini manukuu hayakuwekwa kwa ajili yao. Yaliwekwa kwa Mmwera wa Ruangwa na Mmakua wa Masasi, na hao ndio walioandikiwa kinyume. Baba mmoja alinipigia kuuliza kwa nini bibi anafundisha kuharibu korosho. Nilifungua ile video, nikaona, nikanyamaza kidogo kwenye simu kabla ya kumjibu.

Kwa hiyo nina kanuni mbili sasa. Ya kwanza: kwenye video ya umbo la TV, kila mstari wa kuchomelea ukae ndani ya mraba wa katikati, na nafasi kidogo ibaki pembeni. Kwa herufi za pikseli 60, hiyo ni kama herufi 32 au 33 kwa mstari. Sentensi ikizidi, ivunje iwe mistari miwili:

```
14
00:01:12,400 --> 00:01:15,900
Usichanganye korosho kavu
na zilizo mbichi
```

Mstari wa juu una herufi 25, yaani pikseli 750. Unaanzia 585, mbali na kisu kinachopita 420. Vunja mahali ambapo ulimi ungepumzika, kabla ya "na", "kwa" au "ili", usimwache "usi" peke yake wala kutenganisha "ya" na neno linaloifuata.

Ya pili: usijaribu kuandika mstari utakaovumilia kukatwa kutoka umbo la TV hadi wima kabisa, ule wima wa simu iliyosimama. Hapo katika upana wa 1920 zinabaki pikseli 608 tu, chini ya theluthi. Ni herufi 20. Kwa Kiswahili neno moja kama "utakapozikusanya" linakula 16. Ukitaka wima, tengeneza toleo la wima kutoka kwenye kopi isiyo na maandishi.

Kwenye video ya wima niyaweke wapi basi?

Si chini kabisa. Video ya wima ya 1080 kwa 1920 ikiwekwa kwenye mitandao ya video fupi, sehemu ya chini inafunikwa na jina la akaunti, maelezo yako na jina la wimbo, na upande wa kulia kuna safu ya vitufe vya kupenda na kusambaza. Maandishi ya kuchomelea yakikaa hapo yatakuwepo lakini hayatasomeka, jambo linaloudhi kwa sababu kwenye simu yako, kabla ya kuposti, yalionekana vizuri.

Na mtu akiikata video hiyo ya wima iwe mraba, anaondoa pikseli 420 juu na 420 chini. Ukiyaweka manukuu pikseli 530 hivi kutoka chini, umekwepa maelezo ya chini na umekwepa kisu cha mraba kwa mara moja. Kwa macho, ni kama usawa wa kiuno cha mtu aliyepigwa picha amesimama. Yataonekana yamepanda juu mno mara ya kwanza. Utazoea.

Na mtu akikata muda, siyo kingo?

Hapo mambo yanageuka. Mtu akichukua sekunde 30 za katikati ili azibandike status, ya kuchomelea yanaenda na picha bila shida yoyote. Faili la `.srt` ndilo linalopotea njia, maana saa zake zinahesabu tangu mwanzo wa video ya zamani. Ukikata sekunde 40 za mwanzo, kile kipande cha 14 kilichokuwa dakika 1 na sekunde 12 sasa kinasemwa sekunde ya 32, lakini faili bado linasubiri. Dalili yake ni rahisi: manukuu yote yamechelewa kwa kiasi kilekile, mwanzo hadi mwisho.

Kulirekebisha hakuhitaji kuandika upya. Kwenye programu ya Subtitle Edit kuna `Adjust all times`. Unarudisha yote nyuma sekunde 40 kwa pamoja na kufuta vipande vilivyobaki bila picha. Kama unatazama tu kwa VLC kwenye kompyuta, herufi `G` na `H` zinasogeza manukuu kidogo kidogo mbele na nyuma. Ila kama ucheleweshaji unaongezeka kadiri video inavyoendelea, tatizo si kukatwa mwanzo. Ama kuna kipande kimeondolewa katikati, ama kasi imebadilishwa.

Kwa nini herufi zangu za kuchomelea zinakuwa na ukungu zikishapita kwenye magrupu matatu manne?

Kwa sababu kila video inapobanwa upya, kinachotupwa kwanza ni vitu vidogo vyenye ncha kali, na herufi ndizo hizo. Herufi ya kimo cha pikseli 60 kwenye video ya 1080, ikipunguzwa hadi 480, inabaki na 27. Inasomeka. Herufi ya 30 inabaki na 13, na "rn" inaanza kufanana na "m".

Rangi nayo inaua. Video za kawaida huhifadhi mwanga wa kila pikseli, lakini rangi huhifadhiwa moja kwa kila pikseli nne. Herufi nyekundu juu ya majani ya kijani zinatofautiana na majani kwa rangi zaidi kuliko kwa mwanga, kwa hiyo kingo zake zinachuja kama wino kwenye kitambaa kilicholowa. Nyeupe yenye kibao cheusi nyuma yake inatofautiana kwa mwanga, na mwanga ndio unaotunzwa. Ndugu zangu wa video za harusi wanapenda herufi za dhahabu zenye mikia, na kwa jina la bibi harusi sina neno. Kwa maneno ya kusomwa, nyeupe juu ya nyeusi, nene, bila mikia.

Manukuu ya kuwasha hayapati ukungu kamwe. Hata picha ikiwa imebanwa mpaka uso hautambuliki, herufi zinachorwa upya na simu yenyewe.

Video ileile kwenye simu ndogo na kwenye TV, kwa nini moja inasomeka na nyingine haisomeki?

Chukua rula. Video ya umbo la TV ikitazamwa kwenye simu iliyosimama wima, upana wake wote unabanwa kwenye sentimita 7 hivi. Herufi ya pikseli 60 kati ya 1920 inakuwa na milimita 2 na kidogo. Mtu wa miaka 60 asiye na miwani haioni. Akiilaza simu, inafika karibu milimita 4, na sasa anasoma. Ukitengeneza toleo la wima, herufi ileile ya 60 inapata milimita 4 bila yeye kuilaza simu. Ndiyo sababu kubwa ya mimi kutoa toleo la wima kwa ajili ya WhatsApp, kuliko hata ukataji wa kingo.

Ya kuwasha yanachorwa kwa ukubwa unaofaa skrini, na mtazamaji anaweza kuyakuza mwenyewe. Kwenye simu nyingi za Android, mipangilio ya ufikivu ina sehemu ya manukuu ambapo unachagua ukubwa na rangi. Nilimwekea mama yangu mkubwa herufi kubwa za njano juu ya nyeusi, na tangu hapo video za YouTube zenye manukuu anazisoma bila kumwita mjukuu.

Tunaonyesha kwa flashi kwenye TV ya kibanda umiza. Tutumie yapi?

TV nyingi zinasoma faili la `.srt` ikiwa limekaa kwenye folda moja na video na lina jina lilelile, `korosho.mp4` na `korosho.srt`. Tofauti ya herufi moja kwenye jina na hayaonekani. Lijaribu kwenye TV yenyewe kabla watu hawajakaa, siyo kwenye kompyuta yako nyumbani.

Kosa moja la hapa linawapata hasa waandishi wa Kiswahili. Ukinakili maneno kutoka programu ya kuandikia barua, kile kitone cha "ng'ombe" kinageuzwa kuwa alama iliyopinda, na TV isiyosoma herufi za mtindo wa UTF-8 inakuandikia `ngâ€™ombe`. Ukiona hivyo, rudi ubadilishe kitone kiwe kile kilichonyooka cha kibodi, kisha uhifadhi upya.

Kama TV ni ya zamani, ile yenye mgongo, jua kwamba inakula kingo za picha pande zote. Acha asilimia 5 ya kila upande bila herufi, na kwa chini acha zaidi. Kwa kibanda nisichokijua, napeleka ya kuchomelea.

Viziwi wanahitaji yapi?

Wanahitaji yale yatakayowafikia. Msichana mmoja kiziwi wa Mikindani aliniambia kwa kuandika kwenye simu kwamba video za grupu lao huwa anazipita tu, kwa sababu hazina maneno. Kwake, manukuu ya kuwasha yaliyobaki YouTube ni sawa na kutokuwepo. Kwa hiyo ya kuchomelea kwenye WhatsApp ni haki yake pia, si pambo.

Lakini ukiandika kwa ajili yake, andika na sauti zisizo maneno pale zinapobeba maana. Bibi katikati ya video anagonga korosho mbili pamoja, na mlio ndio unaokuambia kama imekauka. Manukuu yangu ya kwanza hayakuwa na kitu hapo, kwa sababu hakuna aliyesema neno. Sasa yanasema "[mlio mkavu: imekauka]" na dakika hiyo inaeleweka bila masikio.

Na usikimbize maneno. Kikomo changu ni herufi 17 kwa sekunde. Kipande cha 14 kina herufi 42 kwa sekunde 3 na nusu, yaani 12 kwa sekunde, anasoma kwa raha na bado anapata muda wa kutazama mikono ya bibi.

Nikiweka yote mawili kwa pamoja, kuna ubaya?

Kuna ubaya pale yanapogongana. Ukipandisha YouTube video iliyochomelewa chini kabisa, na mtazamaji akawasha CC, maneno yatalala juu ya maneno na yote hayasomeki. YouTube peleka kopi safi pamoja na faili la `.srt`. Kama ni lazima yenye maandishi ndiyo iende huko, basi yasikae chini kabisa.

Nimegundua kosa la herufi baada ya kuposti. Nifanyeje?

Kama ni faili la pembeni, lirekebishe mahali palepale. YouTube inakuruhusu kubadilisha manukuu bila kubadilisha video wala kiungo chake, na kesho kila anayetazama anaona sahihi. Kama umechomelea na imeshasambaa, huwezi kuirudisha. Ile video yangu iliyokatwa "Usi" bado naikuta kwenye magrupu. Nilichoweza ni kutoa toleo jipya na kuandika tarehe kwenye kona, ili watu waweze kutofautisha.

Kwa sababu hiyo, kabla ya kuchomelea mpe mtu mwingine asome faili la maandishi peke yake, bila video. Macho yanayotazama picha hayaoni makosa ya herufi.

Nionyeshe hatua zenyewe, kwa kompyuta isiyo na programu za kununua.

Kwanza, malizia kukata na kupanga video bila neno hata moja juu yake. Hiyo ndiyo kopi safi. Iweke mahali pawili na usiichomelee kamwe. Pili, andika `korosho.srt` kwa Subtitle Edit. Tatu, toa matoleo. Mimi natumia `ffmpeg`, ya bure.

Kwa toleo la wima la kuchomelea:

```
ffmpeg -i wima.mp4 -vf "subtitles=korosho.srt:force_style='FontSize=9,MarginV=80,BorderStyle=3'" -c:a copy wima_maandishi.mp4
```

Namba hizi huwachanganya watu. `ffmpeg` ikisoma faili la `.srt` haihesabu kwa pikseli za video yako. Inajifanya picha ina kimo cha vizio 288, kisha inakuza. Kwenye video yenye kimo cha 1920, kizio kimoja ni pikseli 6 na theluthi mbili. Kwa hiyo 9 ni pikseli 60 hivi, na 80 ni kama 533 kutoka chini, pale tulipopasema. Ukiandika `FontSize=60` ukidhani ni pikseli, utapata herufi zinazoziba uso wa mtu. `BorderStyle=3` ndiyo inayoweka kile kibao nyuma ya maneno.

Kwa faili moja lenye manukuu ya kuwasha ndani yake, kwa wale wa VLC:

```
ffmpeg -i korosho.mp4 -i korosho.srt -map 0:v -map 0:a -map 1 -c:v copy -c:a copy -c:s mov_text -metadata:s:s:0 language=swa korosho_ndani.mp4
```

Hii inaisha kwa sekunde chache kwa sababu picha haiguswi. Ile ya kwanza inachukua dakika kadhaa, maana kila fremu inachorwa upya. Ukiwa na manukuu ya Kimakonde pia, yaongeze kama faili la pili na uyape lugha `kde`.

Nitajuaje kwamba yatasalimika kabla sijasambaza?

Jitumie kwanza. Tuma toleo la wima kwenye simu ya mtu wa nyumbani, aitume kwa mwingine, na huyo airudishe kwako. Ifungue simu ikiwa imesimama, mwanga wa skrini ukiwa nusu, na simu uishike umbali wa mkono ulionyooka. Kisha ifungue kwenye kihariri cha picha cha simu, ikate mraba, na usome mwanzo wa kila mstari. Siyo mwisho, mwanzo: tafuta kila "usi", "ha" na "si", uone kama bado ipo.

Toleo la pili la bibi nililijaribu hivyo kwa simu tatu, moja ikiwa ya kioo kilichopasuka. Mistari yote ilisomeka isipokuwa mmoja wenye neno "zisipokaushwa" pamoja na mengine matano, uliokuwa umegusa kingo. Niliuvunja mara mbili nikatoa upya, na ndiyo video inayozunguka sasa yenye tarehe kwenye kona.